Uzi wa Bolti: Alama Tu, au Umbo Kamili?

Msanifu kijana anachora bolti kwenye kompyuta. Kwenye kioo uzi unaonekana vizuri, mistari yake imezunguka mwili wa bolti kama inavyotakiwa. Anahifadhi faili, anampelekea mwenye printa ya 3D, na baada ya saa mbili anakabidhiwa kipande cha plastiki chenye kichwa na mwili laini kabisa, hakina uzi hata mmoja. Printa haijakosea. Imechapa kilichomo kwenye faili, na uzi haukuwamo. Ule uliokuwa ukionekana ulikuwa picha iliyobandikwa juu ya silinda.

Programu nyingi za usanifu zina njia mbili za kuweka uzi. Ya kwanza nitaiita uzi wa alama: silinda inabaki laini, na programu inakumbuka tu kwamba hapa pana uzi wa M12, wenye urefu fulani, unaozunguka kulia. Ya pili ni uzi wa umbo: programu inachonga mfereji unaozunguka mwili, meno yanatokea kwelikweli, na kila mteremko unakuwa uso wenye vipimo vyake. Katika Fusion tofauti ya hivi viwili ni kisanduku kimoja kilichoandikwa `Modeled` ndani ya amri ya `Thread`. SolidWorks ina amri mbili tofauti, `Cosmetic Thread` na `Thread`. FreeCAD, ambayo ni ya bure, ina kisanduku cha `Model Thread` kwenye amri yake ya kutoboa matundu.

Wengi huchagua kwa macho: uzi wa umbo unapendeza, basi wanauweka kila mahali. Mimi naona swali la kujiuliza ni lingine kabisa, nalo ni nani atakayeutengeneza uzi wenyewe. Ukitengenezwa na kifaa chenye umbo la uzi tayari, kama tapu, dai au kisu cha mashine ya kukereza, weka alama. Ukitengenezwa na mashine inayofuata umbo la faili bila kujua kingine chochote, kama printa ya 3D, weka umbo. Mengine yote yanafuata hapo.

Tuchukue bolti moja na tuifuate hadi mwisho. Ni bolti ya kukazia taa ya mezani: ina kichwa kipana cha kushika kwa vidole, mwili wa M12, na sehemu ya uzi yenye urefu wa milimita 40. Inapita kwenye mkono wa kibano na kusukuma ubao wa meza kutoka chini. Mwenye kazi anataka kwanza kuichapa kwa plastiki ili aijaribu mkononi, kisha aagize ishirini za chuma kwa fundi wa kukereza. Bolti ni ile ile, ila inakwenda kwa watu wawili wenye mahitaji yasiyofanana.

Uzi wa M12 wa kawaida una pichi ya 1.75, yaani kutoka kilele cha jino moja hadi kilele cha jino linalofuata ni milimita 1.75. Kipenyo cha nje ni 12, na chini kwenye mabonde ya bolti ni karibu 9.85. Pembe kati ya miteremko miwili ya jino ni nyuzi 60. Kwa urefu wetu wa milimita 40, uzi unazunguka karibu mara 23.

Tuanze na printa. Faili inayopelekwa huko mara nyingi ni ya STL, na STL haijui kitu kinachoitwa uzi. Inajua pembetatu tu: uso mzima wa kitu umegawanywa katika maelfu ya pembetatu ndogo zilizoshikana. Uzi wa alama hauna uso wake, kwa hiyo hauna pembetatu, kwa hiyo hauendi. Ndiyo sababu ya lile gogo laini la mwanzoni. Kuligundua mapema ni rahisi. Fungua faili kwenye programu inayokata kitu katika matabaka, uangalie onyesho la matabaka kabla ya kuanza kuchapa. Usipoona meno pale, hutayaona kwenye plastiki.

Basi kwa printa tunaweka uzi wa umbo. Lakini kuweka tiki kwenye kisanduku ni nusu ya kazi tu, na hapa ndipo wengi hukata tamaa: bolti inatoka na meno mazuri, nati inatoka na meno mazuri, lakini haziingiani.

Sababu iko kwenye kipimo cha mwanya. Programu huchonga uzi kwa kufuata viwango vya chuma. Kwa bolti ya kawaida kiwango hicho huandikwa 6g na kwa nati 6H, na kwa M12 mwanya wa chini kabisa unaohakikishwa kati ya viwili hivyo ni milimita 0.034. Fundi wa chuma anaweza kuufuata. Printa ya kawaida inayoyeyusha waya wa plastiki haiwezi, maana plastiki ikitoka kwenye nozeli hutanuka kidogo pembeni, na kosa la kumi moja ya milimita ni jambo la kila siku. Kosa hilo likiwa kwenye bolti na kwenye nati pia, mwanya wote umekwisha na ziada.

Tiba ni kuupunguza uzi ndani ya programu ya usanifu. Unachagua nyuso zote za uzi, miteremko, vilele na mabonde, na kuzirudisha ndani kwa milimita 0.1 hadi 0.15. Ikiwa na nati inachapwa, nayo unaipanua kiasi kama hicho. Chapa kwanza kipande kifupi cha pete nne au tano, kijaribu, kisha urekebishe. Kila printa ina tabia yake, na plastiki ya PETG haifanani na PLA.

Watu wengi hutafuta njia ya mkato, nazo zipo mbili. Moja ni mbaya na ya pili haitoshi.

Iliyo mbaya ni kuipunguza bolti nzima kwa asilimia, labda 98, ili ipwaye kwenye nati. Ukifanya hivyo unapunguza na pichi. Badala ya 1.75 unapata 1.715, na kosa hilo linajumlishwa kila mzunguko. Bolti inaanza kuingia vizuri, inakwenda mizunguko mitatu au minne, kisha inakaza ghafla kana kwamba imekutana na ukuta. Baada ya mizunguko kumi meno yamepishana kwa milimita 0.35. Ukiona dalili hii, ya kuanza vizuri na kukwama katikati, shuku pichi kabla ya kushuku kipenyo. Bolti yenye kipenyo kikubwa kupita kiasi hukataa tangu mwanzo.

Isiyotosha ni kutumia marekebisho yaliyomo kwenye programu ya matabaka, yale yanayobana kila tabaka kwa mlalo. Pichi inabaki salama, na hilo ni jema. Lakini bolti ikichapwa ikiwa imesimama, miteremko ya meno imelala: iko nyuzi 30 tu kutoka mlalo. Ukiusogeza uso uliolala hivyo kwa milimita 0.15 kwenda pembeni, umbali halisi kati yake na mteremko wa nati unaongezeka kwa nusu tu, 0.075. Kwenye kilele umepata mwanya unaoutaka, kumbe kwenye mteremko, ambako ndiko meno yanasuguana, umepata nusu yake. Ndiyo maana mtu anaongeza namba, anaongeza tena, na bolti bado inakaza huku vilele vikizidi kuliwa. Kurudisha nyuso ndani ya usanifu hakuna upungufu huo.

Ubora wa STL nao una neno lake. Ukihifadhi kwa ubora wa chini, duara la milimita 12 linaweza kugeuka kuwa umbo la pande 24. Kwenye nati, kila upande bapa unaingia ndani kwa karibu milimita 0.05 kutoka pale duara lilipotakiwa kuwa. Ni kidogo, ila umetoka kuhangaikia mwanya wa 0.15, theluthi yake imeliwa na uvivu wa kuchagua ubora. Kwa kitu chenye uzi chagua ubora wa juu. Na ncha ya bolti ikatwe mshazari kwa milimita moja hivi, kama na mdomo wa tundu, kwa sababu tabaka la kwanza hubonyea na kutanuka, na uzi unaoanzia kwenye tabaka hilo haukamatani.

Tabaka ndilo linaloamua pia ni uzi upi usiofaa kuchapwa kabisa. Kwa tabaka la milimita 0.2, pichi ya 1.75 inapata matabaka karibu tisa kwa kila jino. Yanatosha kuonyesha mteremko. Bolti ya M3 ina pichi ya 0.5, yaani matabaka mawili na nusu. Hapo hakuna jino, kuna mikwaruzo. Kwa printa ya namna hii mimi sichapi uzi ulio chini ya M8 ninapotaka kitu kifanye kazi. Kwa uzi mdogo ni afadhali kuacha tundu laini na kulikata uzi kwa tapu, au kuchapa shimo la pembe sita na kuidumbukiza nati ya chuma ndani yake, au kuyeyushia kwenye tundu kile kipande cha shaba chenye uzi ndani ambacho huwekwa kwa hanya ya kulehemu vifaa vya umeme. Katika njia hizo zote hakuna haja ya uzi wa umbo, hata kama kitu kinachapwa. Uzi hautengenezwi na printa.

Hata mkono wa kibano chetu unaweza kwenda hivyo. Tundu lake likichorwa kwa milimita 10.2, ambacho ndicho kipimo cha biti ya drili kabla ya tapu ya M12, na uzi ukiwekwa kama alama, printa itatoa tundu laini. Mara nyingi litatoka dogo kidogo kuliko lilivyochorwa, kwa hiyo pitisha biti ya 10.2 kwa mkono kwanza, kisha tapu, polepole, plastiki isipate moto. Uzi unaopatikana hivyo ni mkali na sahihi kuliko uliochapwa. Hakikisha tu kuta za tundu zimechapwa nene, karibu matabaka matano ya pembeni au zaidi, maana tapu itakula zaidi ya milimita 0.8 kila upande, na ukuta mwembamba utafunguka na kuonyesha utupu wa ndani.

Bolti yenyewe, ikiwa imesimama wakati wa kuchapwa, ina udhaifu mmoja mkubwa: hukatika kati ya tabaka na tabaka, kwa kawaida kwenye bonde la kwanza chini ya kichwa. Dawa yake ni kuilaza. Kata bapa moja refu upande mmoja wa mwili, kiasi cha milimita 1.25 kutoka kilele, ili bolti ipate mahali pa kukaa juu ya meza ya printa. Bapa hilo linaondoa takriban nyuzi 75 za mzunguko na kuacha 285 zenye meno, na kwa kibano cha taa meno hayo yanatosha. Matabaka sasa yanakwenda kwa urefu wa bolti, na kuikata kwa kuikaza inakuwa kazi. Kichwa kipana kichapwe peke yake na kuunganishwa baadaye, au nacho kikatwe kwenye usawa huo huo wa bapa.

Jaribio likishakubaliwa, tunahamia kwa fundi wa kukereza, na hapa mambo yanageuka.

Fundi huyu hahitaji kuonyeshwa jino lina sura gani. Umbo la uzi wa milimita limewekwa na viwango vya kimataifa, na kisu chake au dai lake limenolewa kwa pembe ya nyuzi 60. Anachohitaji ni maneno machache: M12, urefu wa uzi, kiwango cha usahihi. Akipewa faili lenye uzi wa umbo anapata matatizo ambayo hakuyaomba. Programu inayoongoza mashine yake, ambayo ingelitambua tundu la 10.2 kuwa tundu na kulipangia drili na tapu, sasa inakuta uso uliojipinda usiojulikana. Naye akitaka kujua kama ni pichi ya 1.75 au uzi mwembamba wa 1.25, itabidi apime meno kwenye kioo. Ubaya zaidi ni pale faili alilopelekewa ni lile la printa, lenye nyuso zilizorudishwa ndani kwa 0.15. Akilifuata kwa uaminifu atatoa bolti ya chuma inayopwaya kwenye nati.

Lakini kumpelekea faili la umbo lenye uzi wa alama, bila mchoro, ni kosa jingine la namna hiyo hiyo. Faili la STEP, ambalo karakana nyingi hupokea, kwa kawaida hubeba umbo na kuiacha alama nyuma. Fundi anaona silinda laini ya milimita 12. Akiikereza laini, lawama si zake. Uzi wa alama unaishi kwenye mchoro wa karatasi au PDF, na bila mchoro huo haupo.

Kwenye mchoro ndipo alama inapoonyesha thamani yake yote. Kiwango cha ISO 6410 kimeweka namna ya kuchora uzi bila kuchora jino hata moja. Bolti ikitazamwa kwa ubavu, vilele huchorwa kwa mstari mnene na mabonde kwa mstari mwembamba unaokwenda sambamba nao ndani yake. Pale uzi mzima unapoishia, mstari mnene hukatiza. Ikitazamwa kwa ncha, duara la nje ni zima na nene, na la ndani ni jembamba na halikamiliki: ni robo tatu ya duara tu. Kwenye tundu mambo hubadilishana, kwa sababu huko kipenyo kikubwa ndicho kilichokatwa ndani ya chuma: duara dogo huwa nene na zima, kubwa huwa jembamba na robo tatu. Mtu aliyezoea huitambua ile robo tatu mara moja na kujua hapa pana uzi, na ni wa ndani au wa nje.

Programu huzichora alama hizi yenyewe ikiwa uzi uliwekwa kama alama, na maandishi ya M12 inaweza kuyatoa kutoka kwenye kumbukumbu yake badala ya kuandikwa kwa mkono. Ukiweka uzi wa umbo, mchoro unajaribu kuonyesha kila ukingo wa kila jino. Mizunguko 23, kila mmoja na kingo za kilele na bonde, ikipunguzwa kwa nusu ili ikae kwenye karatasi ya A4, inakuwa doa jeusi. Kwa ncha, badala ya duara na robo tatu yake, unapata mkunjo unaoishia popote. Mishale ya vipimo haina mstari ulionyooka wa kushika, na ukibadilisha urefu wa bolti mingine inang'oka. Mchoro wa kibano kizima, wenye bolti kadhaa za namna hiyo, unaweza kuifanya kompyuta ya kawaida isubiriwe kila unapogusa kitu.

Na kuna jambo ambalo msomaji wa mchoro hulihisi bila kuambiwa. Fundi mzoefu akiona meno yamechorwa moja moja, anadhani una sababu. Labda ni uzi wa pekee, si ule wa kiwango. Atapiga simu kuuliza, au atakadiria bei ya kazi maalumu. Maandishi ya M12 - 6g pamoja na mistari miwili sambamba yangemaliza habari. Kwa M12 yenye pichi ya kawaida si lazima hata kuitaja pichi. Ikiwa ni ya 1.25 itajwe, M12 × 1.25, maana hapo umetoka kwenye kawaida.

Namna ya kuwahudumia wote wawili kwa bolti moja si ngumu. Uzi uwekwe mwisho kabisa katika mfuatano wa hatua za usanifu, baada ya kichwa, mshazari na mengine yote, ili kuubadilisha kusivuruge kitu. Katika SolidWorks tengeneza sura mbili za faili hilo hilo: moja yenye alama, ambayo mchoro unaitegemea, na nyingine yenye umbo, bapa na nyuso zilizorudishwa ndani, ambayo inatoa STL. Katika Fusion njia nyepesi ni kuacha `Modeled` bila tiki siku zote, kisha kwa ajili ya kuchapa kuhifadhi nakala yenye jina lake, kuweka tiki na kufanya marekebisho ya printa huko huko kwenye nakala. Jina la nakala liseme wazi kuwa ni ya printa, na liseme mwanya uliowekwa.

Ikiwa kile kipande cha plastiki nacho kinahitaji mchoro, kwa mfano kwa sababu kitachapwa na mtu mwingine mwakani, usiandike M12 - 6g juu yake. Uzi uliopunguzwa kwa 0.15 kila uso haumo tena ndani ya kiwango hicho, na atakayeupima kwa geji ya uzi atautupa. Andika kwamba ni uzi wa M12 wenye pichi ya 1.75, uliorudishwa ndani kwa milimita 0.15 kwa ajili ya kuchapwa, na utaje nati uliyoujaribia.